Maji uliyokunywa usiku hayaondoi wiski ya jana

Asubuhi baada ya send-ofu ya mdogo wetu, shemeji alikuwa amekaa barazani, kitambaa kibichi kipajini, chupa ya maji ya lita moja na nusu imebaki robo. "Shemeji, maji nimekunywa tangu usiku, mbona kichwa kinapasuka?" Yeye alikuwa kwenye wiski, mimi kwenye nyagi. Nami sikuwa mzima, ila niliweza kusimama na kunywa supu.

Swali lake nalichukulia kwa uzito, kwa sababu wengi wetu tumeaminishwa kwamba hangova ni ukosefu wa maji tu. Maji yana nafasi yake. Pombe huzuia vasopresini, homoni inayoziambia figo zitunze maji, ndiyo maana unakwenda msalani kila baada ya muda mfupi na kuamka na ulimi mkavu. Ukinywa maji, kiu inaisha na ulimi unalainika. Lakini kichefuchefu, kichwa kinachogonga na ule mwili usiotaka mwanga havitokani na kiu peke yake. Shemeji alikuwa amekojoa vizuri asubuhi ile, mkojo mweupe, na bado alikuwa anaumwa.

Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ninalolipenda kwa usafi wake. Vijana 95 waligawanywa: wengine walipewa vodka, wengine wiski ya mahindi ya Kimarekani, kwa kipimo kilekile cha pombe, na usiku mwingine kila mmoja alipewa kinywaji bandia kisicho na pombe. Kama maji ndiyo kila kitu, asubuhi za makundi yote mawili baada ya pombe zingefanana. Hazikufanana: waliolala na wiski waliamka na hali mbaya zaidi. Ila usingizi uliharibika sawasawa, na umakini wa asubuhi ulishuka sawasawa. Kwa hiyo vodka haikumwacha mtu salama, ilimpunguzia maumivu tu.

Tofauti ni kongena, kemikali ndogondogo zinazozaliwa pamoja na pombe wakati wa kuchachusha: methanoli, asetoni, asetaldehaidi na pombe nzito zenye harufu kali. Vodka hukenekwa mpaka inakaribia asilimia 96 ya pombe tupu, na nyingi huchujwa kwa mkaa, hivyo nyingi ya kemikali hizo huachwa nyuma. Wiski ile kwa sheria ya Marekani haikenekwi kupita asilimia 80, kisha inalazwa ndani ya pipa jipya la mwaloni lililounguzwa kwa ndani. Ladha inabaki, kongena nazo zinabaki, na mbao zinaongeza za kwao pamoja na ile rangi ya kahawia. Rangi yenyewe haiumizi mtu. Brandi ya bei rahisi inaweza kupakwa rangi kwa sukari iliyounguzwa.

Ninayoitilia mkazo ni methanoli. Ini huivunja kwa kimeng'enya kilekile kinachovunja pombe ya kawaida, na kimeng'enya hicho huanza na pombe. Chukua robo lita ya wiski ya asilimia 40, kama aliyokunywa shemeji: ndani yake mna karibu gramu 79 za pombe. Ini likiondoa gramu nane kwa saa, inahitaji takriban saa kumi. Aliyeanza saa nne usiku anamaliza saa mbili asubuhi, na hapo ndipo zamu ya methanoli inapofika. Inageuzwa fomaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, vyote viwili sumu. Kiasi ni kidogo sana, lakini kinafika saa ileile unayofungua macho.

Hii pia inaweza kueleza kwa nini kuzimua kunampa mtu nafuu. Toti moja ya asubuhi inakipa kimeng'enya pombe mpya, methanoli inarudishwa nyuma ya foleni, na kichwa kinatulia kwa muda. Deni liko palepale, tena limeongezeka. Nilimwambia shemeji hivyo alipoulizia bia, akaikubali supu ya pweza badala yake.

Kosa linalonitisha ni mtu kusikia haya kisha akadhani kila kinywaji cheupe ni salama. Gongo ni nyeupe. Chang'aa ni nyeupe. Pombe haramu iliyotiwa methanoli Nairobi mwaka 2000 iliua zaidi ya watu 100, na wengine wakabaki vipofu. Methanoli ya kiasi kile hujificha: mnywaji anaweza kushinda na kile anachokiita hangova ya kawaida kwa saa 12 mpaka 24, halafu anaanza kuona ukungu au weupe kama theluji, anapumua kwa haraka, tumbo linamkata. Huyo hasubiri supu wala maji. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na daktari aambiwe wazi alikunywa nini na saa ngapi.