Hatuhitaji Kujua Kilichomo Kwenye Mkoba

Wiki iliyopita nilialikwa kusikiliza skripti za waandishi chipukizi zikisomwa, na nimetoka pale na hasira ambayo mpaka leo haijanishuka. Binti mmoja alisoma hadithi ya ndugu wawili wanaoviziana kwa sababu ya flashi aliyoiacha marehemu baba yao. Ukumbi mzima ulitulia. Alipomaliza, mzee aliyekuwa akisimamia akamuuliza, "Mwanangu, hiyo flashi ina nini ndani?" Binti akajibu, "Nyaraka za baba, mwalimu." Mzee akatikisa kichwa. "Nyaraka gani? Mtazamaji lazima aelewe." Basi akaagizwa aongeze tukio refu la mhasibu kukaa mbele ya kompyuta na kufafanua akaunti, hati za viwanja na majina ya kampuni. Binti akayaandika yote kwenye daftari lake. Mimi nilitamani kumpokonya ile kalamu.

Ushauri ule ni mbaya, tena unaua filamu nyingi zetu. Kile kitu ambacho kila mtu anakikimbilia kwenye filamu ya ujasusi au ya kusaka mali ndicho mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock alichokiita MacGuffin, jina ambalo kwa kawaida huhesabiwa kuwa la mwandishi mwenzake, Angus MacPhail. Mwaka 1939, kwenye mhadhara aliotoa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, Hitchcock alisema kwamba katika hadithi za wezi kitu hicho karibu kila mara ni mkufu, na katika hadithi za majasusi ni makaratasi. Alimaanisha kwamba wahusika wako tayari kufa kwa ajili yake, lakini aliyeketi kwenye kiti hajali mkufu una vito gani wala makaratasi yameandikwa nini.

Mnaotazama filamu kwenye mabanda mnalijua hili bila kufundishwa na mtu. Jamaa anaingia filamu ikiwa katikati, anamuuliza wa pembeni, "Wanagombania nini?" Anajibiwa, "Kuna mzigo." Inatosha. Sijawahi kumsikia mtu akiuliza swali la pili kuhusu mzigo wenyewe. Swali la pili siku zote ni kuhusu watu: yule ni adui au yuko upande wa steringi?

Filamu ambayo ningemfungulia yule binti ni Notorious ya Hitchcock, ya mwaka 1946. Ingrid Bergman ni Alicia, binti wa mtu aliyefungwa kwa kosa la uhaini Marekani. Cary Grant ni Devlin, jasusi anayemwajiri. Wanapendana, na hapo hapo kazi inamtaka Alicia aende Rio de Janeiro akaolewe na Sebastian, swahiba wa zamani wa baba yake, ambaye nyumba yake imejaa Wajerumani wenye mipango ya siri. Mzigo uko kwenye chumba cha mvinyo chini ya nyumba, ndani ya chupa ambazo zilipaswa kuwa na mvinyo lakini zimejaa mchanga mweusi. Ule mchanga una urani.

Sasa tazameni Hitchcock anautumia muda wake wapi. Kuna karamu kubwa usiku. Kabla haijaanza, Alicia anachomoa ufunguo wa chumba kile kwenye funguo za mumewe, huku mume yuko chumba cha pili na sauti yake inasikika. Sebastian anatoka, anamshika mikono yote miwili kwa mapenzi, anakifungua kiganja kimoja na kukibusu. Ufunguo uko kwenye kiganja kingine. Kabla hajakifikia, Alicia anamrukia shingoni na kumkumbatia, ufunguo unaangushwa kwenye zulia nyuma ya mgongo wa mume, kisha anausogeza kwa mguu usionekane. Baadaye, karamu ikiwa imepamba moto, kamera inaanza juu kabisa, ukumbi mzima unaonekana na wageni wake, halafu inashuka polepole bila kukatwa mpaka inafika kwenye mkono wa Alicia, na ndani ya ule mkono kuna ufunguo mmoja mdogo.

Halafu linakuja jambo ambalo naliona ni la ufundi wa hali ya juu: shampeni. Chupa zilizo kwenye barafu zinapungua. Zikiisha, mtumishi atamfuata Sebastian amwombe ufunguo ili akachukue nyingine chini, na Devlin na Alicia wako huko huko chini. Kila tunapoonyeshwa zile chupa zimepungua, moyo unadunda. Hebu fikirini, tumekaa tunahesabu shampeni, na wakati huo hatujui hata kidogo kwenye zile chupa nyingine kuna nini! Devlin anapoangusha moja kwa bahati mbaya na mchanga ukamwagika, hatushangilii kwamba sasa tumejua. Tunachowaza ni namna watakavyousafisha kabla mume hajafika.

Na mume anafika. Devlin anambusu Alicia ili ionekane wamejificha kwa ajili ya mapenzi, na busu lile ni hila na ni kweli kwa wakati mmoja. Sebastian anaumia kama mume. Ufahamu wa kwamba ameoa jasusi unamjia baadaye, anapogundua ufunguo haupo kwenye funguo zake, kisha asubuhi anaukuta umerudi. Anashuka chini, anaona chupa ambayo mwaka ulioandikwa kwenye karatasi yake haufanani na wa wenzake, anapata vigae vya chupa iliyovunjika. Kuanzia hapo yeye na mama yake wanaanza kumtilia Alicia sumu kwenye kahawa, kidogo kidogo, na sisi tunakitazama kile kikombe kwa hofu kuliko tulivyowahi kuzitazama zile chupa.

Mwishoni Alicia, akiwa hoi kitandani, anamtajia Devlin milima unakotoka ule mchanga. Sentensi moja tu. Hakuna askari wanaoonyeshwa wakiuchimba, hakuna mtaalamu wa maabara. Filamu inamalizikia kwenye ngazi, Devlin amemshikilia Alicia, Sebastian pembeni yake anaogopa wenzake wanaomtazama kutoka chini, na mlango wa gari anafungiwa nje. Urani tumeshaisahau, na hakuna aliyepunjwa.

Hitchcock mwenyewe alisimulia kwamba lile wazo la urani lilimpa taabu. Mtayarishaji hakuliamini, akaliona halina maana. Hitchcock akamjibu kwamba kama urani haimpendezi, basi waweke almasi za viwandani. Na ni kweli ingewezekana. Toeni urani, wekeni almasi ndani ya zile chupa: ufunguo unabaki, shampeni inabaki, busu linabaki, kahawa inabaki. Zitakazobadilika ni sentensi chache za wale wazee mezani. Kipimo hiki ningependa kila mwandishi akijaribu kwenye kazi yake kabla hajakubali kuongeza kurasa za maelezo. Badilisha kitu kwa kingine chenye thamani ileile, kisha usome upya. Ikiwa matukio yote yamesimama, maelezo hayana kazi.

Lakini kipimo hicho kina mpaka, na hapa ndipo wengi wanapotea upande wa pili. Kwa sababu kitu hakijalishi, wanadhani umbo lake pia halijalishi. Linajalisha sana. Urani ingekuwa kwenye sanduku la benki mjini, filamu ile isingekuwepo. Imewekwa kwenye chupa, chupa ziko chini ya nyumba ya mume, ufunguo uko kwa mume, na njia pekee ya kuupata ni mke amwibie. Kile chombo na ile kufuli ndivyo vilivyoigeuza kazi ya ujasusi kuwa kesi ya ndoa. Tena chupa huvunjika, humwagika, na ina karatasi ya mwaka inayoweza kumsaliti aliyeigusa. Angekuwa mwandishi wangu, ningemuuliza yule binti flashi iko wapi, imefichwa na nani, ili uifikie lazima umdanganye nani, na ikipotea ni nani atajua kwanza. Kilichomo ningemwachia mwenyewe.

Kosa hili huonekana mapema ukilitafuta. Mtazamaji akianza kuuliza kwa dhati "kwani hicho kitu kina nini?", usikimbilie kumjibu. Mara nyingi maana yake ni kwamba hajaona mtu anayepoteza chochote. Jibu la mhasibu halitamrudishia hamu. Litamwonyesha tu kwamba hadithi imesimama. Hitchcock alilijua hili vizuri mno. Kwenye North by Northwest ya mwaka 1959, steringi anauliza adui wao anauza nini, anajibiwa ni siri za serikali, basi, safari inaendelea. Wakiwa uwanja wa ndege mzee wa ujasusi anapoanza kueleza kwa urefu, ngurumo ya ndege inameza maneno yake. Na kwenye The 39 Steps ya mwaka 1935, yule bwana mwenye kumbukumbu ya ajabu anazikariri fomula za injini ya ndege zote hadi mwisho. Sikilizeni jinsi sauti yake inavyokatika, kwa sababu anakata roho huku anauliza kama amepatia. Namba hakuna anayezishika.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba wapo wanaofikiri tofauti. George Lucas, mwongozaji wa Star Wars, amewahi kusema kitu kinachotafutwa kinapaswa kupendwa na mtazamaji, na kwake kitu hicho kilikuwa R2-D2, yule roboti mdogo wa filamu hiyo. Sawa, lakini R2-D2 anatembea, ana hofu na ana ukaidi. Huyo ni mhusika, na tunampenda kama mhusika. Ile ramani aliyobeba tumboni hatuna habari nayo. Sanduku la Agano kwenye filamu ya Indiana Jones ya mwaka 1981 linanipa shida zaidi, kwa sababu mwishoni linafunguliwa na linaua. Kitu kikiwa na nguvu ya kuamua mwisho wa hadithi, hapo ni kweli tunadaiwa kanuni zake mapema, na filamu ile inazitoa mwanzoni, kwa tukio moja la kitabu na ubao. Flashi ya nyaraka haina nguvu ya namna hiyo.

Na kwa anayedhani watazamaji watakasirika kitu kikiwa si chochote, atazame The Maltese Falcon ya mwaka 1941. Watu wameuawa kwa ajili ya sanamu ya ndege inayosemekana imejaa vito chini ya rangi nyeusi. Gutman, mzee anayeisaka, anaikwangua kwa kisu, anakuta madini ya risasi tupu, sanamu ni bandia. Anatetemeka kidogo, kisha anajikusanya na kutangaza kwamba msako unaendelea, ameshautumikia miaka 17. Filamu haiishi pale. Zinabaki dakika kadhaa, na hizo ndizo nzito kuliko zote, za mpelelezi Sam Spade kumwambia mwanamke anayempenda kwamba atamkabidhi kwa polisi. Sanamu iko mezani, imekwanguliwa, na wakati huo hakuna anayeitazama.