Mchoro wa Kibua Usahihishwe na Kibua Mezani

Walimu wa bayolojia tukiwekewa michoro miwili ya samaki, aghalabu tunaupa alama nyingi ule uliotiwa vivuli na magamba. Naipinga tabia hiyo, na hoja yangu naijenga kwa kibua, maana huku Pemba ndiye samaki rahisi kumpata kwa ajili ya maabara. Ukimtoa sokoni asubuhi, mweke kwenye barafu mpaka kipindi kifike, la sivyo analegea na vipimo vyake haviaminiki tena.

Nichukue mfano wa samaki mmoja na michoro miwili ya wanafunzi wa kidato cha tatu. Samaki ana sentimita 20 kutoka ncha ya mdomo hadi kwenye panda ya mkia. Kichwa chake, mpaka ukingo wa nyuma wa kifuniko cha matamvua, kina sentimita 5, yaani robo ya urefu wote. Vipimo hivyo viwili mwalimu avichukue mwenyewe kabla ya kipindi kuanza.

Mchoro wa kwanza unapendeza. Tumbo lina kivuli, magamba yamepangwa safu kwa safu, jicho linang'aa. Nikiupima kwa rula, urefu ni sentimita 16, na kichwa peke yake sentimita 6. Kwa urefu huo kichwa kilitakiwa kiwe na 4. Mtoto amechora kichwa kikubwa kwa nusu nzima zaidi ya inavyostahili, na vivuli vimelificha kosa hilo hata jicho la mwalimu likapita bila kuliona.

Kosa la pili ni zito kuliko hilo. Mgongoni ameweka pezi moja refu, kama la perege wa kwenye vitabu. Kibua ana mapezi mawili ya mgongoni yaliyoachana, na nyuma ya lile la pili kuna vipezi vidogo vitano vinavyofuatana mpaka karibu na mkia. Chini, nyuma ya pezi la mkunduni, viko vitano vingine. Mtoto huyu amechora samaki wa kitabuni ilhali wa kweli yuko mbele yake.

Lakini nisimlaumu peke yake. Pezi la kwanza la mgongoni la kibua hulala ndani ya mfuo, na samaki akishakufa unaweza kumgeuza huku na huku usilione. Linatakiwa liinuliwe kwa koleo dogo, likunjuliwe, lishikizwe kwa pini juu ya kipande cha sponji ngumu. Mwalimu asiyefanya hivyo amewaficha wanafunzi pezi zima, kisha anawakata alama kwa kutoliona.

Mchoro wa pili hauna kivuli hata kimoja. Mstari wa nje ni mmoja, mwembamba, haukukatika wala haukurudiwarudiwa, umechorwa kwa penseli iliyochongwa vizuri. Urefu ni sentimita 14, kichwa 3.6, kilichotarajiwa ni 3.5, kwa hiyo tofauti ni milimita moja tu. Mapezi yote ya mgongoni yapo, vipezi vimehesabika. Kwangu huu ndio mchoro bora, na sioni haja ya kusitasita.

Hata hivyo nao nitaukata alama. Mstari wa jina la pezi la kifua umeishia hewani, kati ya pezi hilo na pezi la tumbo. Kwa kibua mapezi haya yamekaribiana mno: la tumbo liko chini ya la kifua, wala haliko nyuma karibu na mkundu kama watoto wengi wanavyodhani. Mstari usiposhika kiungo chenyewe, siwezi kujua mwanafunzi alikusudia lipi, na kumdhania mema hapo ni kumwonea aliyeshikisha mstari wake vizuri. Mistari ya majina ichorwe kwa rula, isikatizane, isiwe na vichwa vya mishale, na ncha yake iguse kile inachokitaja.

Kuna pahala pengine pa kutazama ambapo wasahihishaji wengi hupita haraka: ukuzaji. Ni urefu wa mchoro ugawe kwa urefu wa samaki, kwa hiyo mchoro wa pili ni 14 ÷ 20, sawa na ×0.7. Mwanafunzi akiandika ×1.4, amegawa kinyume, na kosa linajitangaza lenyewe kwa sababu mchoro mdogo kuliko samaki hauwezi kuwa na ukuzaji unaozidi 1. Akiandika ×14, amenakili tu urefu wa mchoro wake.

Mwenzangu mmoja aliniambia, "Mwalimu, ukiwakataza vivuli utawavunja moyo wenye vipaji." Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Kwenye mchoro wa bayolojia kila alama ya penseli inadai kwamba kuna kitu pale. Kivuli cha tumboni kwa kibua kinaweza kusomwa kama mstari wa ubavuni au mpaka wa rangi, na anayesoma hana njia ya kutofautisha. Kipaji cha mkono kinaonekana vizuri zaidi kwenye vile vipezi kumi vidogo, kila kimoja kikiwa mahali pake na kwa ukubwa wake.

Ndiyo maana mimi nasahihisha kwa mpangilio huu: kwanza nahesabu viungo nikimtazama samaki, kisha rula, kisha ncha za mistari ya majina, na unadhifu wa mstari wa nje mwisho kabisa. Michoro ya darasa zima ikiwa mingi, samaki mmoja abaki kwenye barafu mpaka kazi iishe.