Asilimia ya Wangapi? Kuhusu Namba Katika Malengo ya Mpango

"Mbona kila lengo mnataka liwe na namba? Kazi yetu ni watu, si hesabu."

Wanaotoa hoja hii wameona mengi. Wameona dira inayoeleza hali wanayoitamani, na dhamira inayotaja wanamhudumia nani na kwa njia gani, kisha malengo yakaishia kuhesabu semina na saini za mahudhurio. Wameona watu wakiifukuzia namba na kuiacha kazi. Hata George T. Doran, aliyependekeza mwaka 1981 kwamba lengo liwe mahususi, lipimike, liwe na mtu wa kuliwajibikia, liwezekane na liwe na muda, hakudai kwamba kila lengo lazima litimize vigezo vyote vitano.

Hata hivyo, naona kipimo kinalaumiwa kwa makosa ya waliokiandika vibaya. Kazi ya namba kwenye mpango ni kuwawezesha watu wawili wanaobishana kujua, muda ukifika, kama jambo limefanyika au halijafanyika.

Tuchukue mradi wa kufundisha watoto kusoma. Dira yake ni jamii ambayo kila mtoto anasoma na kuelewa. Dhamira ni kuwafundisha watoto walioachwa nyuma darasani kupitia vipindi vya ziada. Lengo likaandikwa: "Kuboresha uwezo wa kusoma." Hapo hakuna anayeweza kushindwa, kwa hiyo hakuna pia anayeweza kufaulu. Likarekebishwa: "Ifikapo mwisho wa Novemba, asilimia 65 ya wanafunzi wawe wanaweza kusoma." Wengi huishia hapo wakiamini lengo sasa linapimika.

Bado. Kwanza, kusoma ni kufanya nini? Andika jambo linaloweza kuonekana: mtoto asome kwa sauti kifungu cha maneno 60 ambacho hajawahi kukiona, kisha ajibu sawasawa maswali matatu kati ya manne. Sharti la kifungu kigeni ni la lazima, maana mtoto aliyekariri ukurasa wa kitabu chake anaweza kukudanganya bila kukusudia. Na anayepima asiwe mwalimu wa darasa lile.

Pili, asilimia 65 ya wangapi? Hapa ndipo mipango mingi inapoharibikia. Tuseme Januari wameandikishwa watoto 100, wakapimwa, na 40 wakaweza kusoma. Katikati ya mwaka 20 wakaacha, wote katika wale wasioweza. Novemba wamebaki 80. Hata kama hakuna mtoto hata mmoja aliyejifunza kitu, wasomaji 40 kati ya 80 ni asilimia 50. Ripoti itasema tumepanda kutoka 40 hadi 50, na kilichopanda ni utoro tu. Sasa tuseme walimu walifanya kazi kweli, watoto 12 wapya wakajua kusoma. Hao 52 kati ya 80 ni asilimia 65 kamili: lengo limefikiwa, watu wanapigiwa makofi. Ukiwahesabu kati ya wale 100 wa mwanzo, ni asilimia 52. Watoto 20 ambao dhamira iliandikwa kwa ajili yao hawamo kwenye hesabu, na kuondoka kwao ndiko kulikoifanya ripoti ing'are.

Tiba yake ni maneno machache: "kati ya wanafunzi 100 walioandikishwa Januari, idadi ya wanaoweza kusoma ipande kutoka 40 hadi 65 ifikapo mwisho wa Novemba." Sasa mtoto anayeacha anaendelea kuhesabiwa, na mratibu ana sababu ya kumfuata nyumbani. Namba imewarudisha watu kwenye mpango.

Wapo watakaosema huo ni uonevu, kwa sababu familia huhama na mradi hauna la kufanya. Wana haki. Ndiyo maana ripoti itoe hesabu zote mbili, ya walioandikishwa na ya waliobaki, pamoja na sababu ya kila mmoja kuondoka. Aliyehama na aliyekata tamaa ni habari mbili tofauti kabisa kwa anayepanga mwaka unaofuata.

Hoja ya wapinzani inabaki na nguvu mahali pamoja. Kupenda kusoma, kwa mfano, ni sehemu halali ya dhamira, na kupima hilo kwa idadi ya vitabu vilivyoazimwa kutaleta vitabu vilivyoazimwa bila kufunguliwa. Jambo la namna hiyo naliacha kwenye dhamira, kisha naandika kwenye mpango nani atakaa na watoto kila muhula, atawauliza nini, na maelezo yao yatasomwa kwenye kikao kipi.