Picha "ni yako", ila yako kiasi gani?

"Nimemtengenezea mteja picha ya lebo ya asali kwa Midjourney, nilipandisha na picha ya shamba lake, sasa anataka nimwandikie kwamba picha ni yake peke yake, nisaini?"

Usisaini kwanza. Masharti ya Midjourney, programu ya AI inayotengeneza picha kutokana na maneno unayoandika, kweli yanasema unachotengeneza ni chako, na hapo ndo watu wengi wanafunga ukurasa wanaenda zao. Ila sentensi ileile ina mkia: ni chako kwa kadiri sheria iliyopo inavyoruhusu. Mkia huo ndo kila kitu, maana kampuni haiwezi kukupa hakimiliki ambayo sheria yenyewe haitoi. Februari 2023 ofisi ya hakimiliki ya Marekani iliangalia kitabu cha katuni ambacho picha zake zilitoka Midjourney, ikakubali maandishi na mpangilio wa kurasa ila picha zenyewe ikazikataa, kwa hiyo mtu akiinakili hiyo lebo kule, mteja wako atakuwa na cha kumshikia?

Halafu shuka chini kidogo, tafuta neno `license`. Utakuta umewapa wao ruhusa ya kudumu, isiyofutika, ya bure, dunia nzima, wanakili, waonyeshe hadharani, watengeneze vingine kutokana nayo, na hiyo ruhusa haishii kwenye picha iliyotoka tu, inagusa mpaka maneno na picha ulizoingiza. Yani lile shamba la mzee wa asali nalo limo!

Kuwatetea kidogo, bila ruhusa fulani wasingeweza hata kukuonyesha picha yako kwenye tovuti yao, na pale kila kitu kiko wazi kwa chaguo la kawaida, wengine wanaweza kuichukua wakaigeuza. Kujificha kunahitaji kifurushi cha Pro au Mega. Hilo naelewa, ni biashara. Ila kuonyesha picha hakuhitaji ruhusa isiyofutika, hapo mi siwatetei.

Kuhusu kufundishia modeli usitafute `train` peke yake, neno linaweza lisiwepo na ruhusa pana kiasi hicho ikabeba kazi hiyohiyo, tafuta na `improve`, kisha fungua sera ya faragha nayo uisome. Linganisha na Adobe, wao baada ya watu kuwaka Juni 2024 waliandika wazi kwamba kazi za wateja hazifundishii modeli zao za kuzalisha picha, isipokuwa ulizopeleka mwenyewe kuuza Adobe Stock. Sentensi ya namna hiyo unaweza kumshika nayo mtu.

Kwa huyo mteja mwandikie unamkabidhi haki zote ulizonazo wewe, basi, neno "peke yake" litoe, na mwambie picha imetoka wapi. Mwulize pia shamba alipiga nani, maana kama ni mpiga picha wa kulipwa basi umepandisha kazi ya mtu wa tatu ambaye hajakubali chochote.