Kiangazi cha Dodoma hakitokani na kufifisha kijani tu

Mtu akiniletea picha iliyopigwa Machi na kutaka ionekane ya Septemba, swali langu la kwanza ni imepigwa wapi. Kila mahali pana mimea inayokauka na mimea isiyokauka, na mwenyeji huitambua picha ya uongo kabla hajajua ni kitu gani kilichomshtua. Ndiyo maana siipendi njia ya mkato iliyozoeleka, ya kushika kijani chote cha picha na kukigeuza kahawia kwa mkupuo mmoja. Picha inayotoka hapo haifanani na kiangazi cha mahali popote.

Tuchukue picha ya tangazo la filamu fupi. Hadithi inatokea Septemba, lakini picha imepigwa Machi nje kidogo ya mji wa Dodoma, ambako mvua hunyesha kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili hivi, kisha miezi mingi hupita bila tone. Mbele amesimama mzee na mbuzi wake weupe, nyasi zikimfika magotini. Kushoto kuna ua wa minyaa, nyuma kuna nyumba yenye mwarobaini, na mbali zaidi umesimama mbuyu.

Kazi hii nitaieleza kwa Lightroom, programu ya kuhariri picha. Ukifungua `Color Mixer`, mkono hukimbilia kitelezi cha `Green`. Ukivute hadi mwisho uone: nyasi hubadilika kidogo sana. Sababu ni kwamba nyasi tunazoziita za kijani, kamera huzirekodi zikiwa zimeegemea sana njano, hasa zikipigwa na jua. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi iko kwenye `Yellow`. Mimi huanza na `Hue` ya `Yellow` kwenye −30 hivi, ili njano isogee kuelekea rangi ya chungwa, na ya `Green` kwenye −50, ili kijani kisogee kuelekea njano. Sifiki −100 hata siku moja. Nyasi zilizokauka hazina rangi moja. Kuna mashina yenye wekundu, majani ya rangi ya mchanga, na mengine ya kijivu. Ukisukuma vitelezi vyote hadi mwisho, tofauti hizo hukusanyika mahali pamoja na uwanja mzima unakuwa kama zulia.

Baada ya hapo punguza ukolevu. Hapa wengi huogopa, wakabaki na nyasi zinazong'aa kama bizari. Nyasi kavu zimefifia, na `Saturation` ya −30 au −40 kwenye rangi zote mbili si nyingi. Kuna kipimo rahisi: weka kishale juu ya nyasi na usome asilimia za R, G na B, yaani nyekundu, kijani na buluu, chini ya histogramu. Kwenye nyasi mbichi, G ndiyo kubwa. Kwenye nyasi kavu, R huipita G kidogo, na B inabaki nyuma lakini si mbali sana. R ikiipita G kwa pengo kubwa, umeshaingia kwenye chungwa. B ikikaribia sifuri, ukolevu bado ni mwingi.

Jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linalotenganisha picha inayoaminika na isiyoaminika ni mwangaza. Jani bichi lina klorofili, inayofyonza sana mwanga mwekundu na wa buluu. Jani likikauka klorofili hupotea, na ule wekundu uliokuwa ukifyonzwa unarudi machoni mwetu. Kwa hiyo nyasi za Septemba ni nyeupe zaidi kuliko za Machi, na mchana wa jua kali huumiza macho. Anayebadili rangi bila kupandisha `Luminance` hupata nyasi za kahawia nzito, kama zilizooza kwa maji. Pandisha ya `Yellow` hadi +20 au +30, huku ukichunguza nyasi kwa ukubwa wa asilimia mia. Kama picha ni JPEG badala ya faili la RAW, hapa ndipo vijiraba na chengachenga huanza kutokea, na hakuna dawa zaidi ya kurudi nyuma kidogo.

Sasa tatizo. `Color Mixer` hugusa picha yote. Minyaa imeshageuka njano, mwarobaini umekauka, na ngozi ya mzee, ambayo kwa sehemu kubwa iko kwenye rangi ya chungwa na kwa kiasi kwenye njano, imeanza kupauka. Mtu wa Dodoma anajua kwamba minyaa hubaki kijani hata ardhi ikipasuka, na mwarobaini huendelea kutoa kivuli kiangazi kizima. Kijani hicho kichache ndicho kinachoufanya ukavu uonekane, kwa sababu jicho linapata cha kulinganisha. Kwa hiyo majaribio ya `Color Mixer` hunisaidia kujua ninakoelekea, kisha naviweka vitelezi sifuri na kuanza upya kwa maski, ambayo huruhusu mabadiliko yaguse sehemu niliyoichagua tu.

Nafungua `Masking`, nachagua `Color Range`, na kuburuta kisanduku juu ya nyasi zenye jua na zenye kivuli. Kisha natumia `Subtract`: kwanza kumtoa mzee na mbuzi kwa `Select Subject`, halafu kuutoa ua na mwarobaini kwa brashi. Ndani ya maski hiyo natumia `Point Color` kusogeza rangi, ukolevu na mwangaza kama nilivyojaribu mwanzoni. Mwarobaini naupunguzia ukolevu kidogo tu katika maski yake, kwa sababu vumbi la kiangazi hulala juu ya majani.

Ukimaliza, tazama matumbo ya mbuzi. Nyasi mbichi hurusha mwanga wa kijani juu, na manyoya meupe yaliyo kivulini huunasa. Nyasi zikishakuwa za rangi ya majani makavu, kijani hicho hakina tena kinakotoka. Pitisha brashi hapo, sogeza `Tint` kidogo kuelekea majenta na `Temp` kidogo kuelekea joto. Fanya hivyo chini ya kidevu cha mzee pia. Mara nyingi kijani hicho ndicho kitu pekee kilichobaki, na mtazamaji huhisi kasoro asijue iko wapi.

Udongo nao haujali nyasi zako. Ukiwa na unyevu huwa mweusi-mwekundu, kwa hiyo uupandishe mwangaza kwa maski yake, la sivyo nyasi kavu zitaonekana zimeota juu ya shamba lililonyeshewa asubuhi.

Haya yote nayafanya kwa hadithi, na mtazamaji anajua kuwa ni hadithi. Picha ya habari, au ya kuombea msaada wa njaa, siigusi namna hii, na nisingependa mwenzangu aiguse. Nyasi mbichi za Machi zikigeuzwa ukame, watu wa kijiji halisi wamesingiziwa hali ambayo hawakuwa nayo siku hiyo.

Kuhusu mbuyu, kitelezi hakisaidii. Kiangazi mbuyu hupukutisha majani yote na kubaki matawi matupu, kwa hiyo kuyageuza majani yake kahawia kunaleta mti ambao hakuna aliyewahi kuuona Dodoma. Kwa picha hii ningeikata fremu upande wa kulia ili mbuyu utoke kabisa. Kama mwongozaji anauhitaji, apige tena mbuyu huohuo kuanzia Julai, akisimama mahali palepale na kwa lenzi ileile, kisha picha mbili ziunganishwe.