Lahajedwali la mtafuta kazi si daftari la kumbukumbu

Kwa wiki tatu lahajedwali langu lilinidanganya kila asubuhi, na aliyelifundisha uongo ni mimi mwenyewe. Nilikuwa natafuta kazi, nazungumza na mawakala wa ajira zaidi ya ishirini kwa mpigo, na nilikuwa na safu yenye kichwa "Mawasiliano ya mwisho". Kila nikimaliza kuongea na mtu, badala ya kuandika tarehe naweka `=TODAY()`, nikijiona mjanja. Fomula hiyo haishiki siku uliyoiandika. Inaleta tarehe ya leo, na kesho ukifungua faili inaleta ya kesho. Kwa hiyo kila asubuhi jedwali liliniambia kwamba nimeongea na watu wote leo hii. Hakuna aliyechelewa, hakuna wa kukumbushwa, mambo shwari.

Nilikuja kushtuka nilipokumbuka, nikiwa naoga, kwamba kuna wakala anayesubiri nakala za vyeti vyangu. Nikamtumia mbio mbio. Akanijibu kwa upole kwamba mteja wake ameshapata mtu wiki iliyopita.

Dawa ya kosa lile ni ndogo mno: ukiwa kwenye kompyuta, bonyeza `Ctrl+;` na tarehe ya leo inaingia kwenye seli ikiwa imeganda, haibadiliki tena. Inafanya kazi kwenye Excel na kwenye Google Sheets. Lakini nilipokuwa nasahihisha seli moja moja niligundua tatizo kubwa zaidi. Hata kama tarehe zile zingekuwa sahihi, jedwali langu lilikuwa linaeleza yaliyopita tu: nani niliongea naye, lini, kuhusu nini. Wengi wetu tunalitunza hivyo hivyo, kama shajara. Mimi sasa naamini safu inayostahili kuheshimiwa kuliko zote ni ile ya tarehe ya kufuatilia, na kwamba mstari wowote ulio wazi bila tarehe hiyo ni mstari uliokufa, ila haujazikwa.

Jedwali nililobaki nalo lina safu saba. A ni jina la wakala na namba yake, B mwajiri, C nafasi, D mawasiliano ya mwisho, E maneno yake, F tarehe ya kufuatilia, G hali, yaani "wazi" au "imefungwa". Nimewahi kuona majedwali ya wenzangu yenye safu kumi na nane: mshahara, umbali, kiwango cha furaha kwa rangi. Yanapendeza siku ya kwanza. Kufika wiki ya pili yana matundu kama chandarua cha zamani, kwa sababu mtu aliyetoka kwenye simu ya nne ya siku hana nguvu ya kujaza vyumba kumi na nane.

Safu ya E ndiyo watu wananiuliza, maana inaonekana ya ziada. Humo siandiki muhtasari wangu, naandika alichosema yeye, karibu neno kwa neno. "Mteja yuko safarini, anarudi Jumatatu." "Nitakurudia mwisho wa wiki." Kuna sababu mbili. Ya kwanza, maneno hayo ndiyo yanayoamua tarehe ya F. Ya pili, ndiyo yanayokupa pa kuanzia unapomwandikia tena, kwa hiyo hulazimiki kuandika ule ujumbe wa "nilikuwa naulizia tu kama kuna lolote", ambao hauna kitu cha kujibiwa.

Kuhusu F nina kanuni mbili tu. Wakala akitaja siku, mimi namfuata siku ya kazi inayofuata baada ya hiyo aliyoitaja. Asipotaja, nampa siku tano za kazi, na hapo fomula inanihesabia bila kujumlisha Jumamosi na Jumapili:

```
=WORKDAY(D2,5)
```

Ikikukatalia, angalia mpangilio wa nchi wa faili lako. Baadhi ya mipangilio inataka nukta mkato mahali pa mkato. Na ikikuletea namba kama 45000 badala ya siku, usihangaike, hiyo ni tarehe iliyovaa nguo za namba (45000 ni tarehe 15 Machi 2023). Badilisha umbizo la seli liwe la tarehe.

Safu ya nane, ambayo siijazi bali inajijaza, inanionyesha wa kushughulikiwa:

```
=IF(G2="imefungwa","",IF(F2="","WEKA TAREHE",IF(F2<=TODAY(),"LEO","")))
```

Hapa ndipo `TODAY()` inapostahili kukaa, kwenye kulinganisha. Tazama pia hilo "WEKA TAREHE". Bila kipande hicho, mstari usio na tarehe unakaa kimya, na kimya kile kinafanana kabisa na mstari ambao siku yake haijafika.

Kuna mtego mwingine wa tarehe unaonyemelea watu wanaoandika kwa mkono. Ukiandika 4/3/2025 kwenye faili lililowekwa mpangilio wa Kimarekani, litasomwa kama tarehe 3 Aprili, na halitakulalamikia. Dalili yake utaiona kwenye mkao: tarehe inayotambuliwa husogea kulia mwa seli, maandishi hukaa kushoto. Safu yako ikiwa nusu kulia, nusu kushoto, ujue zile za siku ya 13 kwenda mbele zimekataliwa kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, na zile zilizokubaliwa huenda zimegeuzwa siku kuwa mwezi. Ukiandika 2025-03-04, mwaka kwanza, unakwepa yote hayo. Namba za simu nazo zifanye seli zake kuwa za maandishi kabla hujajaza, la sivyo sifuri ya mwanzo inaliwa.

Sasa nikueleze jinsi mstari mmoja ulivyotembea. Jumanne tarehe 4 Machi 2025 wakala mmoja, dada mwenye sauti ya haraka haraka, alinipigia kuhusu nafasi ya mratibu wa ghala. Akanitajia mwajiri, nikampa ruhusa ya kupeleka wasifu wangu. Akasema atanirudia Ijumaa. Nikajaza: D tarehe 4, E "atarudi Ijumaa, mteja anataka kuanza haraka", F Jumatatu tarehe 10. Ijumaa ikapita kimya. Jumatatu jedwali likaonyesha LEO, nikamwandikia:

"Habari za asubuhi dada. Tuliongea Jumanne kuhusu nafasi ya mratibu wa ghala, ukasema mteja anataka mtu wa kuanza haraka. Bado naweza kuanza ndani ya wiki mbili. Je, wameshapanga siku za usaili?"

Ni sentensi nne, na swali lake moja linajibika kwa ndiyo au hapana. Hakujibu. D ikawa tarehe 10, F ikawa tarehe 17.

Jumatano tarehe 12, kabla ya siku hiyo kufika, akanipigia wakala mwingine kabisa. Ana nafasi nzuri, mratibu wa ghala, kampuni kubwa, jina atanitajia baadaye, nimtumie tu wasifu upesi. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni, lahajedwali nikalifungua kwenye simu. Nikamwambia, "Kaka, nashukuru, ila naomba jina la mwajiri kwanza, nisije nikapelekwa mara mbili." Akasitasita, akalitaja. Alikuwa ndiye yule yule.

Watu wengi hawajui uzito wa jambo hili. Wakala wa nje kwa kawaida hulipwa na mwajiri pale mtu aliyemleta anapoajiriwa. Wasifu mmoja ukifika kwa mikono miwili, mwajiri anajikuta katikati ya ugomvi wa nani anastahili malipo, na kuna waajiri ambao humaliza ugomvi huo kwa kukuweka wewe pembeni. Hukufanya kosa lolote, ila umekuwa usumbufu. Ndiyo maana B naijaza kabla ya kitu kingine, na tarehe niliyotoa ruhusa naiandika ndani ya E. Kompyuta inaweza kukukagulia marudio kwa `=COUNTIF(B:B,B2)`. Ikileta zaidi ya 1, tazama vizuri. Ila fomula hiyo ni kipofu wa majina. Ukiandika jina la kampuni kwa kirefu mstari huu na kwa kifupi mstari ule, itakuambia hakuna tatizo.

Kwa hiyo yule kaka nilimkatalia kwa nafasi ile, nikamwekea mstari wake mwenyewe, B ikiwa tupu na E ikisema "ana nafasi nyingine mwezi ujao". Tarehe 17 nilimpigia simu yule dada badala ya kumwandikia, kwa sababu ujumbe wa pili juu ya ujumbe usiojibiwa ni rahisi kupitwa. Akapokea. Mteja alikuwa amesimamisha ajira mpaka bajeti ipite, na yeye hakuwa na la kunieleza ndiyo maana akanyamaza. Nikaandika hivyo hivyo, F nikaisogeza mwezi mmoja mbele.

Asingepokea, ningefunga mstari. Mara mbili zinanitosha: moja kwa ujumbe, moja kwa simu. Najua wapo wanaosema ufuatilie mpaka ujibiwe. Sikubaliani nao, kwanza kwa sababu kila mstari uliogandamana na matumaini unakula dakika za mstari ulio hai, halafu kwa sababu kufunga hakumzuii wakala kukupigia akiwa na kitu. Mstari haufutwi, unabadilishwa hali tu, na historia yake inabaki.

Lahajedwali lenyewe haliliii kama kengele, na hili huwakwaza wengi. Wengine hujaza kalenda ya simu vikumbusho thelathini, kimoja kwa kila wakala, na baada ya siku nne wanavizima vyote bila kuvisoma. Mimi nina kengele moja tu, saa tatu kasorobo asubuhi, siku za kazi. Ikilia nafungua jedwali, nachuja zenye LEO, nazimaliza, nafunga. Siku ya kawaida ni mistari mitatu au minne. Kalenda naiachia usaili peke yake, kwa kuwa usaili una saa.

Kama una mawakala watano, acha haya yote, karatasi itakutosha. Na kama bado uko kazini, faili hili lisikae kwenye kompyuta ya mwajiri wako. Lisiwe na kiungo cha kufunguliwa na yeyote pia, maana limejaa namba za watu ambao hawakuomba kutangazwa.

Siku niliyosaini mkataba nilichuja mistari iliyokuwa wazi, ikatoka tisa. Nikawaandikia wote tisa kwamba nimepata kazi na ninaondoa jina langu kwa sasa. Wa kwanza kujibu, ndani ya dakika mbili, alikuwa kaka mmoja ambaye kwa miezi miwili hakuwahi kujibu ujumbe wangu hata mmoja. Alinipongeza, kisha akauliza kama ofisi yangu mpya inaajiri.