Mchele Usubiri Jeneza Litoke

Kwenye misiba yetu hapa Dar kuna jambo linaloniuma sana: sahani za wali kupita huku jeneza likiwa bado chini ya turubai. Mjane amekaa mkekani, nyuma yake upawa unagonga sufuria, na vitunguu vinanukia hadi ndani. Kamati hujitetea kwamba watu wana njaa. Ni kweli, wengine wametoka Bunju alfajiri. Lakini dawa ya njaa hiyo ni chai ya mapema.

Chukua msiba wa Mbagala, viti 100 vimekodiwa, mazishi Kinondoni saa kumi jioni. Chai ianze saa tatu asubuhi, na vikombe viwe vimeshakusanywa kabla mwili haujatoka mochwari. Lita 25 za chai ya rangi zinatosha, pamoja na maandazi 200. Sukari iwekwe pembeni, maana wazee wengi wana kisukari.

Maharage, kama kilo 9 zilizolowekwa usiku, yaungwe asubuhi hiyohiyo ili harufu ya kukaanga iishe mapema, kisha yabaki kwenye moto mdogo. Mchele ndio usubiri. Nasema uingie sufuriani msafara unapoondoka. Wali wa sufuria kubwa huchukua kama saa moja, na kwa foleni ya Barabara ya Kilwa hakuna atakayerudi kabla haujaiva. Ule unaopikwa saa sita na kufunikwa hadi jioni huchacha kwa joto letu. Ukifunua ukakuta unateleza na una harufu ya uchachu, mwaga. Kuupasha moto hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia.

Kilo moja ya mchele hulisha watu wanane hivi, kwa hiyo watu 100 ni kilo 13. Hesabu viti, achana na daftari la rambirambi, kwani wengi wanaotuma kwa simu hawafiki. Wengine hupitiliza makwao kutoka makaburini. Ndiyo maana napenda sufuria mbili: ya kilo 8 itangulie, ya kilo 5 ibandikwe pale aliye kwenye basi anapopiga simu kusema watu bado ni wengi.

Kupanga watu foleni na sahani mkononi kunafaa harusini. Msibani, vijana wapite na jagi na beseni, kisha walete sahani zilizokwisha kupakuliwa, wakianzia kwa wazee. Wafiwa wapelekewe chumbani, na shangazi akae nao. "Mwanangu, onja hata uji kidogo." Akikataa, asisukumwe, uji ufunikwe, ajaribiwe tena baadaye.

Sahani kumi na tano zitengwe mapema, kabla ugawaji haujaanza, kwa ajili ya wapishi, waliochimba kaburi na vijana wanaokunja turubai. Hao hufika jikoni mwisho, na mara nyingi hukuta ukoko.